Rubriki ya Insha: Kusahihisha kwa Haki na Kumrudishia Mwanafunzi Maoni Yanayomfaa

Rubriki ni jedwali linaloonyesha mambo ambayo kazi ya mwanafunzi itapimwa kwayo, yaani vigezo, pamoja na maelezo ya sura ambayo kila kigezo huwa nayo katika kazi dhaifu, ya wastani, nzuri na bora. Jedwali hili hutofautiana na mwongozo wa kawaida wa kusahihisha, ule wenye majibu yanayotarajiwa na alama za kila jibu, kwa sababu insha haina jibu moja. Wanafunzi hamsini wa kidato cha tatu katika shule ya mtaa kama Jericho, upande wa mashariki wa Nairobi, wakipewa mada moja huleta insha hamsini zisizolingana kwa hoja, kwa mpangilio wala kwa lugha, na mwalimu hulazimika kuziweka zote kwenye kipimo kimoja cha alama ishirini. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuunda rubriki ya darasani kwa ajili ya insha ya mjadala ya Kiswahili, namna ya kuitumia bila kumwadhibu mwanafunzi mara mbili kwa kosa moja, na namna ya kuyatoa maoni kutoka ndani ya rubriki yenyewe.

Kwamba wasahihishaji hutofautiana si dhana tu. Mwaka 1961, nchini Marekani, Paul Diederich na wenzake wa taasisi ya upimaji ya Princeton waliwapa wasomaji 53 kutoka fani mbalimbali insha 300 wazipange katika madaraja tisa, bila kuwaeleza watumie kigezo gani. Insha 101 kati ya hizo zilipata kila daraja lililokuwapo, kuanzia la chini kabisa hadi la juu kabisa. Jambo la maana zaidi ni lile lililogunduliwa maoni ya wasomaji yalipochunguzwa, kwamba hawakuwa wakibahatisha, bali kila kundi lilikuwa na kitu chake cha kuthamini. Wapo waliotazama mawazo, wapo waliotazama mpangilio, wengine walitazama usahihi wa lugha, wengine uteuzi wa maneno, na wengine ladha ya mwandishi binafsi. Kila msomaji alikuwa na rubriki yake kichwani, ila hakuna aliyeijua ya mwenzake, na mwandishi wa insha hakuijua hata moja.

Kipimo cha mtihani wa taifa na mipaka yake darasani

Mwalimu wa Kiswahili nchini Kenya haanzi mikono mitupu. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE, ambayo ni 102/1, humtaka mtahiniwa aandike insha mbili, ya lazima na moja ya kuchagua, kwa muda wa saa moja na dakika arobaini na tano, kila insha isipungue maneno 400 na kila moja ikiwa na alama 20. Utaratibu wa kusahihisha unaofuatwa huigawa mizani hiyo katika viwango vinne: D ni alama 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, na A ni 16 hadi 20. Mtahini huisoma insha yote, huamua kwanza iko kiwango gani, kisha huamua iko chini, katikati au juu ya kiwango hicho. Wakati wa kusoma hupiga mistari miwili chini ya kosa la sarufi na mstari mmoja chini ya kosa la tahajia, kila kosa linapotokea kwa mara ya kwanza tu, na hutia alama ya vema juu ya msamiati ulioteuliwa vizuri. Mtahiniwa aliyejitungia swali lake mwenyewe huambulia alama ya chini mno, ile ambayo wasahihishaji wamezoea kuiita bakshishi.

Huu ni usahihishaji wa jumla, kwa maana kwamba insha hupata uamuzi mmoja tu unaozibeba sifa zake zote kwa pamoja. Njia hii inafaa pale ambapo maelfu ya karatasi yanasomwa kwa siku chache na watahini waliokaa pamoja, wakasahihisha karatasi za mfano na kukubaliana kabla ya kazi kuanza, na pale ambapo mwandishi hatarudishiwa karatasi yake. Darasani hali ni kinyume: mwalimu yuko peke yake, wakati mwingine usiku, na mwanafunzi atarudishiwa karatasi asubuhi na kutaka kujua kwa nini amepata 9 wakati jirani yake kwenye dawati amepata 13. Uamuzi mmoja wa jumla haulijibu swali hilo, kwa kuwa alama 9 yaweza kuwa ya mwandishi mwenye hoja nzito na lugha iliyovunjika, au ya mwandishi mwenye lugha laini asiye na la kusema, na wawili hao hawahitaji msaada wa aina moja. Kwa hiyo darasani yafaa kutumia rubriki ya vipengele, ile inayotoa alama mbalimbali kwa kila kigezo kisha kuzijumlisha, ili mradi jumla yake ibaki ishirini na wanafunzi waendelee kuuzoea ukubwa wa mizani watakayokutana nayo katika mtihani.

Kuchagua vigezo na kuvipa uzito

Vigezo vinne vinatosha. Kila kigezo kinachoongezwa humwongezea mwalimu uamuzi mmoja kwa kila karatasi, na darasa la wanafunzi hamsini kwa vigezo vinne tayari lina maamuzi mia mbili. Vikifika saba au vinane, mwalimu huchoka na kuanza kujaza alama kwa mazoea, na rubriki huwa pambo. Kwa insha ya mjadala, vigezo vinavyofaa ni maudhui, yaani hoja na ushahidi wake, alama 8. Mpangilio wa aya na mtiririko, alama 4. Sarufi na tahajia, alama 4. Na msamiati pamoja na mtindo, alama 4. Maudhui yamepewa uzito maradufu kwa sababu lengo la mjadala ni kupima uwezo wa kupima pande mbili na kushika msimamo. Mwalimu ambaye kwa wiki tatu amefundisha viunganishi na mtiririko anaweza kuubadilisha uzito huo kwa zoezi moja, mradi wanafunzi waambiwe kabla ya kuandika.

Kazi ngumu zaidi si kuchagua vigezo bali ni kuvitenganisha. Kosa moja likiruhusiwa kuingia katika safu mbili za jedwali, mwanafunzi hukatwa alama mara mbili, na hapa ndipo haki inapopotea katika shule za Eastlands kuliko mahali pengine, kwa sababu ya Sheng. Mwanafunzi aliyekulia Jericho, Maringo au Uhuru huzungumza Sheng na Kiswahili cha Nairobi tangu utotoni, na athari yake huonekana katika insha kwa sura mbili zisizofanana. Sura ya kwanza ni ya maneno, kama anapoandika kwamba bei ni noma. Sura ya pili ni ya muundo: "nyumba yenye tunaishi" mahali pa "nyumba tunamoishi", "vitu mingi" mahali pa "vitu vingi", "hawezi lipa" mahali pa "hawezi kulipa". Mwalimu mwenye kuichukia Sheng huiona popote, hukata alama za msamiati, hukata za sarufi, hukata za mtindo, na mara nyingi bila kujijua hukata hata za maudhui, kwa kuwa hoja iliyosemwa kwa lugha asiyoipenda humwonekea nyepesi.

Kwa hiyo kanuni ya kutenganisha iandikwe chini ya jedwali kwa maneno yaliyo wazi: neno la Sheng lihesabiwe katika msamiati na mtindo pekee, muundo wa Kiswahili cha mtaani, kama matumizi ya "-enye" mahali pa kirejeshi, uhesabiwe katika sarufi pekee, na kosa la muundo mmoja, hata likirudiwa mara kumi, lihesabiwe kuwa aina moja. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kinacholeta tofauti kubwa zaidi ya alama. Mwandishi aliyetumia "yenye", "zenye" na "mwenye" vibaya mara kumi hana mapungufu kumi bali ana pengo moja, la kutojua kirejeshi, na pengo hilo laweza kuzibwa kwa vipindi viwili. Aidha, ikiwa mwandishi ameweka maneno ya Sheng ndani ya alama za mtajo kwa kuwa ananukuu usemi wa kijana wa mtaani, hilo ni chaguo la kimtindo na halifai kukatwa alama kabisa. Rubriki iseme hivyo pia, maana asiyeambiwa atakisia.

Kuandika vielezi vya viwango

Kielezi ni sentensi inayoeleza insha ya kiwango fulani inavyoonekana katika kigezo fulani. Rubriki nyingi huharibikia hapa, kwa kuwa vielezi vyake husema "hoja nzuri sana", "hoja nzuri", "hoja za wastani" na "hoja dhaifu", na hivyo kurudisha tatizo lile lile kwa sura nyingine, kwani neno "nzuri" lina maana tofauti kwa kila msahihishaji. Mtaala wa umilisi hutumia majina ya viwango vinne, yaani kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio, lakini majina hayo nayo hayatoshi mpaka matarajio yenyewe yaandikwe. Kielezi kinachofaa hutaja kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukinyooshea kidole kwenye karatasi.

Kigezo cha maudhui, kwa mfano, kinaweza kuandikwa hivi. Insha ya alama 7 au 8 ina angalau hoja nne zinazogusa pande zote mbili, kila hoja imeelezwa kwa sababu na mfano mahususi, na msimamo wa mwandishi unaijibu hoja yenye nguvu zaidi ya upande wa pili. Insha ya alama 5 au 6 ina hoja nne au zaidi za pande zote mbili, ila baadhi zimetajwa bila mfano, au msimamo umetangazwa bila kuujibu upande wa pili. Insha ya alama 3 au 4 imeshughulikia upande mmoja tu, au imeorodhesha hoja za pande zote mbili pasipo kuzieleza. Insha ya alama 1 au 2 imeigusa mada kwa mbali, ikawa simulizi au mahubiri badala ya mjadala. Ndani ya kila jozi, mwalimu hutoa alama ya juu iwapo kielezi kimetimizwa katika insha nzima, na ya chini iwapo kimetimizwa kwa sehemu kubwa tu.

Kigezo cha sarufi na tahajia huandikwa kwa kuhesabu aina za makosa, si idadi ya mahali yalipotokea. Alama 4 ni kwa insha yenye aina zisizozidi mbili. Alama 3 kwa aina tatu au nne. Alama 2 kwa aina tano hadi saba. Alama 1 kwa zaidi ya hapo, au pale ambapo makosa humlazimu msomaji kurudia sentensi ili aelewe. Hesabu hizi hazina utakatifu wowote. Darasa la chini zaidi litahitaji mipaka mipana zaidi, na njia ya kuipata mipaka hiyo ni kuchukua karatasi sita au saba za wanafunzi wa mwaka uliopita, zilizofutwa majina, kuzipanga kuanzia iliyo dhaifu hadi iliyo bora, kisha kuhesabu ni nini hasa kinachotofautisha iliyo mahali pamoja na iliyo juu yake. Rubriki iliyoandikwa bila karatasi halisi mezani huwa na kielezi cha juu ambacho hakuna mwanafunzi atakayekifikia na kielezi cha chini ambacho hakuna atakayekiangukia, na darasa zima hurundikana katikati.

Insha moja, mwanzo hadi mwisho

Kielelezo kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya maelezo haya, ingawa makosa yake ni yale yanayopatikana kila siku katika madaftari ya mitaa hiyo. Mada ni: Kubomoa nyumba za zamani za mitaa ya Eastlands ili kujenga maghorofa kuna faida kuliko hasara. Jadili. Mada yenyewe ni hai kwa mwanafunzi wa Jericho, ambaye anaishi katika nyumba za chini zilizojengwa na baraza la jiji na anayesikia habari za ubomoaji sokoni na pembezoni mwa uwanja wa Kempu Toyoyo. Katika aya ya tatu ya insha yake yenye maneno yapata 430, mwanafunzi ameandika:

"Nyumba zenye tunaishi zilijengwa zamani na mabomba yake yameoza, kila mvua ikinyesha maji chafu inaingia mpaka jikoni. Lakini wakibomoa, mama yangu mwenye anauza mboga hapo sokoni ataenda kuuzia wapi, na kodi ya nyumba mpya itakuwa noma, hatuwezi lipa."

Mwalimu mmoja akiisoma insha hii kwa jumla anaweza kuipa 9, kwa kuwa makosa ya lugha yanamrukia machoni tangu mstari wa kwanza. Mwingine anaweza kuipa 14, kwa kuwa mwandishi ana hoja hai zenye mifano ya maisha yake. Hakuna aliyekosea kuona alichokiona, ila kila mmoja ameipima insha kwa kigezo kimoja na kusahau vingine.

Kwa rubriki, msahihishaji huanza na maudhui na kuisoma insha yote bila kushika kalamu nyekundu. Insha ina hoja sita: mabomba mabovu, uhaba wa nafasi kwa familia kubwa na ajira za ujenzi kwa upande wa faida, kodi ya juu, wachuuzi kupoteza wateja na majirani wa miaka mingi kutawanyika kwa upande wa hasara. Nne kati yake zina mifano mahususi. Hata hivyo, mwandishi anamalizia kwa kusema anapinga ubomoaji bila kulijibu suala la maji machafu aliloliibua mwenyewe, nalo ndilo hoja nzito kuliko zote za upande wa pili. Kielezi cha 7 na 8 hakijatimia, cha 5 na 6 kimetimia kikamilifu, hivyo anapata 6. Mpangilio unapata 3 kati ya 4, kwa sababu kila aya ina wazo lake isipokuwa hii ya tatu, ambamo faida na hasara zimebanwa katika sentensi mbili.

Sasa kalamu inashikwa. Katika kifungu kilichonukuliwa pekee, "zenye tunaishi" na "mwenye anauza" ni aina moja ya kosa, nayo ni kirejeshi. "Maji chafu inaingia" ni upatanisho wa ngeli. Na "hatuwezi lipa" ni kudondosha "ku" ya kitenzi. Mahali pa makosa ni panne, aina ni tatu. Insha nzima ikiwa na aina sita, sarufi hupata 2 kati ya 4, hata kama mistari ya kalamu ni mingi. Neno "noma" halihesabiwi hapa. Linasubiri kigezo cha msamiati, ambamo pamoja na maneno mengine matatu ya Sheng na neno "shida" lililorudiwa kila aya linaipa insha 2 kati ya 4. Jumla ni 6, 3, 2 na 2, yaani 13. Mwanafunzi huyu yuko kiwango cha B, na jedwali linamwonyesha kwamba mengi ya aliyoyapata yametokana na mawazo na mpangilio wake na mengi ya aliyoyapoteza yametokana na lugha, habari ambayo alama 13 iliyoandikwa peke yake juu ya karatasi isingeweza kuitoa.

Kuhakikisha mizani haiyumbi

Uthabiti ni hali ya karatasi ile ile kupata alama zinazokaribiana hata ikisomwa na mtu mwingine, au na mtu yule yule siku nyingine. Njia nafuu ya kuupima ni walimu wawili wa idara moja kusahihisha karatasi kumi zile zile kila mmoja kivyake, bila kuandika alama kwenye karatasi yenyewe, kisha kuzilinganisha. Tofauti isiyozidi alama 2 kati ya 20 inavumilika. Inayozidi hapo izungumzwe kigezo kwa kigezo, si kwa kugawanya kati, kwa sababu wastani wa 9 na 14 huficha tu kwamba mmoja wao hakuielewa rubriki.

Namna tofauti zilivyotawanyika huonyesha palipo na tatizo. Mwalimu mmoja akiwa chini ya mwenzake kwa alama 2 katika karatasi zote kumi, wanaiona tofauti ya ubora kwa macho yale yale na mmoja ni mkali tu, jambo linalorekebishika kwa urahisi. Lakini ikiwa katika karatasi moja yuko juu kwa 3 na katika nyingine chini kwa 4, wasitazame ukali wa mtu, watazame kielezi. Mara nyingi kitapatikana kigezo kimoja, aghalabu mtindo, ambacho kila mmoja alikuwa akikisoma kwa maana yake.

Mwalimu aliye peke yake naye ana adui wake, ambaye ni uchovu. Karatasi hamsini kwa dakika nane kila moja ni saa sita na dakika arobaini, na msahihishaji wa karatasi ya arobaini si yule wa karatasi ya tatu. Afanye mafungu ya karatasi kumi kumi, afunike majina, na kila aanzapo fungu jipya asome tena karatasi mbili za mfano zilizokwisha kukubaliwa alama zake. Akimaliza zote, achukue tatu kutoka fungu la kwanza na kuzisahihisha upya bila kutazama alama za awali. Zikishuka au kupanda zote, kipimo kimesogea njiani, na fungu la kwanza lirudiwe. Pia inasaidia kusahihisha maudhui ya darasa zima kwanza, kisha kurudi kwa ajili ya lugha, ili mwandiko mbaya au sarufi mbovu isiitie doa hoja. Ni kweli njia hii hugharimu muda zaidi, na kwa mazoezi ya kila wiki haiwezekani; ihifadhiwe kwa mitihani ya mwisho wa muhula.

Maoni yanayotoka ndani ya jedwali

Maoni ya kawaida katika daftari la insha ni "Jitahidi", "Sarufi!" na "Unaweza kufanya vizuri zaidi". Hakuna mwanafunzi anayejua afanye nini baada ya kuyasoma. Rubriki humpa mwalimu chanzo bora cha maoni, nacho ni kielezi cha ngazi moja juu ya ile aliyopo mwanafunzi, kikigeuzwa kuwa kazi ya kutenda. Mwandishi wa insha iliyotangulia alipata 6 katika maudhui, na kielezi cha 7 na 8 kinataka msimamo uijibu hoja nzito ya upande wa pili; basi maoni huandikwa hivi: "Hoja yako ya mabomba yaliyooza ina nguvu, lakini msimamo wako haukuijibu. Ongeza aya moja inayoonyesha kama mabomba yanaweza kubadilishwa pasipo kubomoa nyumba." Kwa lugha, maoni huchagua aina moja tu ya kosa, ile iliyorudiwa zaidi: "Tafuta kila mahali ulipoweka yenye, zenye au mwenye kabla ya kitenzi, uandike upya sentensi hizo kwa kirejeshi, kwa mfano: mama yangu anayeuza mboga."

Maoni mawili yanatosha kwa insha moja, moja la maudhui au mpangilio na moja la lugha. Karatasi iliyojaa wino mwekundu kutoka juu hadi chini humfundisha mwanafunzi kwamba amekosea, lakini haimwonyeshi aanzie wapi, na mwalimu aliyetumia dakika kumi na tano kusahihisha kila kosa la tahajia amefanya kazi ambayo mwanafunzi mwenyewe ndiye aliyepaswa kuifanya.

Wakati wa kutoa maoni nao una uzito wake. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha matokeo ya uchunguzi aliowafanyia wanafunzi wa Israeli, ambamo waliopewa maoni bila alama waliboresha kazi iliyofuata, ilhali waliopewa alama pamoja na maoni hawakupata faida hiyo. Alama ilikuwa imeyafunika maoni. Mwalimu wa Jericho hawezi kuficha alama muhula mzima, kwani wazazi na idara huzidai, lakini anaweza kuzichelewesha kwa kipindi kimoja: karatasi zirudi zikiwa na jedwali lililotiwa vema kwenye vielezi na maoni mawili, dakika ishirini zitumike kuandika upya aya moja iliyotajwa, na alama zitolewe baada ya aya hiyo kukusanywa. Wakati huo huo wanafunzi wawili wawili wanaweza kupeana karatasi na kuitumia rubriki kwenye kigezo kimoja tu, kile cha maudhui, kwa sababu wakiruhusiwa kusahihishana sarufi husambaza makosa yao kwa ujasiri mkubwa.

Itatokea, na si mara chache, insha ambayo jedwali halikuitarajia: mwandishi ameujenga mjadala wote kama mazungumzo ya wazee wawili kibarazani, hoja zimo, pande zote mbili zimo, lakini aya hazifuati sura iliyoelezwa na msimamo haukutangazwa, umeachwa uonekane katika kauli ya mzee wa mwisho. Mwalimu akifuata vielezi neno kwa neno ataipa mpangilio 1. Katika hali hiyo haifai kuigeuza kanuni kimoyomoyo kwa ajili ya mwanafunzi mmoja, maana aliye karibu naye naye angetaka kanuni yake. Wala haifai kuikandamiza insha. Atoe alama zinazoruhusiwa na vielezi, aandike pembeni sababu ya kuona kuwa hazitoshi, aipeleke karatasi kwa mwenzake wa idara isomwe mara ya pili, na wakikubaliana kwamba kielezi cha mpangilio ndicho chembamba, kiongezwe maneno ya kuiruhusu sura hiyo, kisha karatasi zote za zoezi hilo zilizopata 1 au 2 katika mpangilio zisomwe tena kwa kielezi kipya kabla alama hazijaingizwa kwenye rejista.